Pale Redio Ilipokwaruza

Mara ya kwanza mjukuu wangu kunionyesha zile nambari, nilidhani ni namba za simu za watu sita wasiotaka kupigiwa. Mistari sita imelala kwenye kioo cha simu, na juu ya kila mstari tarakimu zimetawanyika kama kuku waliomwagiwa mtama.

"Huu ni wimbo, Bibi," akasema.

"Unaimbwaje? Sifuri, tatu, tano, nakupenda?"

Akacheka, akanisogezea kiti. Huyu binti ni mtoto wa mwanangu wa pili, anasoma chuo cha ufundi umeme, na tangu azaliwe mimi humwita Mke Mwenza, maana babu yake akimwona hanioni tena. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Ile mistari sita ni nyuzi sita za gitaa. Mstari wa chini kabisa ni uzi mnene, ingawa ukilishika gitaa lenyewe uzi huo ndio uko juu, karibu na kidevu chako. Shingo ya gitaa imegawanywa vyumba kwa vyuma vyembamba, na nambari inakwambia ubonyeze chumba gani. Sifuri maana yake usibonyeze, uache uzi ulie wenyewe. Alama ya eksi maana yake uuguse tu uzi, usiubonyeze mpaka chini, ili ukipigwa ukwaruze bila kutoa sauti.

Mimi niliishia shule ya msingi, lakini kuhesabu mpaka ishirini na mbili nilifika salama, na gitaa la Mke Mwenza lina vyumba ishirini na mbili. Nikaona hili jambo ninaliweza.

"Na mwendo?" nikauliza. "Hapa pameandikwa tano, kisha saba. Nikae kwenye tano muda gani? Nichemshe na chai?"

"Hizi za bure huwa haziandiki mwendo. Mwendo unausikiliza kwenye video."

"Kumbe na nyie mna masikio!"

Sauti ikatoka upande wa pili wa pazia: "Wanayo. Wanayatumia kutundikia miwani."

Huyo ni mume wangu, Kinyozi. Saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu: viti viwili, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, na ukutani, kati ya picha ya mitindo ya nywele na kalenda, gitaa lake jekundu la umeme. Limepigwa mpaka rangi imetoka pale mkono unapokaa. Kitufe cha kuongezea sauti kilidondoka zamani kikapotea, na mahali pake ameweka kifuniko cha chupa ya losheni ya ndevu. Kinakaa vizuri kuliko kile cha kiwandani, na kinanukia.

Kinyozi hajawahi kusoma nambari wala nota. Nyimbo zote alizonazo alizitoa redioni kwa masikio. Mke Mwenza naye nyimbo zote anazipata mtandaoni, kwa bwana mmoja mwenye ndevu anayefundisha kwenye video. Anaisimamisha simu mbele ya kioo cha saluni, bwana anapiga, binti anasimamisha, anarudisha nyuma, anapunguza kasi mpaka nusu, anarudia kipande kilekile mpaka wateja wanakijua. Kuna mzee mmoja alinyolewa hapo akatoka anakipiga mluzi.

Siku moja Mke Mwenza alileta wimbo mpya. Yaani mpya kwake. Alipopiga mwanzo wake tu, Kinyozi aliinua wembe kutoka shingoni mwa mteja akabaki ameushika hewani.

"Umeutoa wapi huo?"

"Mtandaoni. Tutaupiga chuoni siku ya wazi, kikundi chetu. Mbona, Babu? Si ndio ule wako?"

Ndio ulikuwa ule wake. Ni wimbo wa roki wa zamani wa kundi la mbali, ambao huku kwetu santuri yake haikuwahi kufika. Kinyozi ameupiga tangu ujana, na watoto wetu wote wameusikia wakiwa bado hawajaota meno. Akafuta mikono, akalishusha gitaa lake, akapiga mwanzo huohuo.

Mke Mwenza akakunja uso. Wakipiga pamoja, ilikuwa kama watu wawili wanaimba wimbo mmoja huku mmoja kasimama shimoni.

"Gitaa lako limelegea, Babu." Akafungua kile kipimo cha kwenye simu, chenye mshale unaokuwa kijani uzi ukikaa sawa. "Ona, nyuzi zote sita ziko chini. Zote!"

"Hazijalegea. Huo wimbo unakaa hapo."

"Simu inasema..."

"Simu ilikuwepo?"

Mteja, akiwa na povu nusu ya uso, akasema, "Mimi naona tumsikilize mwenye wembe."

Mke Mwenza akarudi kwenye nambari zake kutafuta ushahidi. Akapandisha, akapandisha, mpaka juu kabisa ya ukurasa, pale ambapo watu wote huparuka kwa haraka ya kufika kwenye tarakimu. Nikamwona anaisogeza simu karibu na macho. Nikachungulia. Pameandikwa kwamba kabla ya kuanza, nyuzi zote zishushwe nusu hatua.

Mke Mwenza akalegeza nyuzi zake moja moja. Kisha wakapiga tena pamoja, na magitaa mawili yakawa mdomo mmoja. Kinyozi alirudi kwa mteja wake akanyoa huku anatabasamu vibaya sana, tabasamu la mtu anayejua hatakiwi kutabasamu.

Jioni ile binti akamwomba. Kwenye kikundi chao yeye anapiga gitaa, yupo kijana wa besi, yupo msichana wa dramu na yupo mwimbaji mmoja mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Lakini solo ya wimbo ule, pale katikati ambapo mwimbaji ananyamaza na gitaa linasema peke yake, hakuna anayeiweza. Masomo ya bwana wa ndevu yamegawanywa sehemu, na yeye kila akifika sehemu ya solo huizima video kwa hofu.

"Njoo utupigie wewe, Babu. Simama na sisi."

Kinyozi aliuliza, "Kutakuwa na dramu? Dramu yenyewe, siyo ya kwenye simu?"

"Yenyewe."

Nilimwangalia mume wangu. Kundi lake la ujanani lilishavunjika zamani: mmoja alihama, mmoja tulimzika, mmoja aliokoka akasema gitaa la besi linampa mawazo. Tangu hapo Kinyozi amepiga peke yake, mbele ya kioo, kwa watu waliofungwa shuka shingoni wasioweza kukimbia. Kitu kimoja tu alikuwa anakitamani kabla hajazeeka kabisa: kusimama tena na dramu mgongoni kwake. Hakuwahi kuniambia. Lakini mtu uliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo, hata miguu yake inakwambia. Usingizini mguu wake wa kulia hupiga mwendo.

"Nitakuja," akasema, kisha akaenda kuoga, ingawa alikuwa ameshaoga.

Mazoezi yalikuwa kwenye stoo ya chuo, kati ya madawati yaliyovunjika. Mimi nilikwenda kubeba thermosi, yaani nilikwenda kupeleleza. Vijana walimpokea kwa heshima zote: shikamoo Mzee, karibu Mzee, kaa hapa Mzee, hadi Kinyozi akasema, "Nimekuja kupiga gitaa, sikuja kuchumbia." Wakacheka, wakaanza.

Sasa niwaeleze ile solo, kwa sababu yote yako hapo. Inaanza kwa sauti ndefu zilizonyooka, inapanda, halafu inafika mahali Kinyozi hulaza mkono wa kushoto juu ya nyuzi bila kubonyeza, na mkono wa kulia unakwaruza: khsss, khsss, kama mchanga kwenye sufuria. Ndani ya ule mkwaruzo sauti inaanza kuchungulia. Hapo kidole chake kidogo cha mkono wa kulia kinakikamata kile kifuniko cha losheni. Anaupiga uzi sauti ikiwa imezimwa, kisha anakizungusha sauti ifunguke taratibu, kwa hiyo husikii mpigo. Unasikia tu sauti inakuja, inavimba, inakukaribia, inaondoka. Inarudi. Inaondoka tena. Kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya mto, na upepo unageuka geuka. Halafu ghafla mawimbi yanakatika na wimbo unarudi wote, safi, na mwimbaji anaingia.

Siku ile stooni mwimbaji hakuingia. Alisahau. Msichana wa dramu aliendelea kupiga huku mdomo wazi. Walipomaliza, kijana wa besi akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, ile ni nini?"

"Ndiyo solo yenyewe."

Kijana wa besi ni mtu mwema, lakini ni wa nambari. Alishaishika simu anatafuta. "Mbona hapa haipo? Hapa katikati nambari zinaenda mbio, kumi na mbili, kumi na tano, kumi na nne, moja kwa moja. Hakuna eksi hata moja."

"Watakuwa wameandika vibaya," akasema Kinyozi.

"Inawezekana. Tuusikilize wenyewe."

Mke Mwenza akasema haraka, "Babu anapiga toleo la zamani." Kumbe naye alishawahi kugundua tofauti, akajiambia basi kuna rekodi nyingine, ya ukumbini labda, ya enzi za babu. Lakini kijana alikuwa ameshaunganisha simu na spika.

Ukapigwa. Nilimwona Kinyozi anafumba macho, anatikisa kichwa polepole kama anayepokea wageni anaowafahamu. Solo ikaanza: sauti ndefu, zikapanda. Ikafika pale. Na pale hapakuwa na mkwaruzo. Hapakuwa na mawimbi. Gitaa la yule bwana wa kwenye rekodi lilikimbia tu, safi kama maji ya bomba, tarakimu baada ya tarakimu, likatokea upande wa pili.

Kinyozi alifumbua macho. "Rudisha."

Wakarudisha.

"Rudisha tena." Wakarudisha. Kisha akamuuliza mjukuu wake, kama anauliza habari ya mgonjwa, "Mkwaruzo uko wapi?"

"Haupo, Babu."

"Na ile kwenda na kurudi?"

"Haipo."

Akachomoa waya wa gitaa, akaukunja vizuri duara kwa duara, akalitia gitaa kwenye mfuko wake. "Dramu yako nzuri, mwanangu," akamwambia yule msichana. Tukarudi nyumbani. Njiani alisema sentensi moja tu: "Miaka yote hii nimewapigia watu redio mbovu."

Nilijua alichomaanisha, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa antena.

Hatukuwa hata wachumba. Yeye alikuwa kijana anajifunza kunyoa, amepanga chumba ukuta mmoja na nyumba yetu, na ana redio moja ya mbao. Kila wiki kulikuwa na kipindi cha roki kutoka stesheni moja ya mbali sana, na kwa majuma kadhaa wimbo ule ulipigwa kila kipindi. Stesheni yenyewe ilikuwa inakuja kama mgonjwa wa kifua. Aligundua kwamba mtu akishika waya wa antena uliotoka redioni hadi dirishani na kuuinua juu, sauti inapona kidogo. Lakini huwezi kuinua waya na kushika gitaa. Akaniomba mimi jirani. Mama yangu aliniuliza ninafanya nini dirishani kwa kijana wa watu nimenyoosha mkono kama naomba ruhusa ya kwenda chooni. Nikamwambia nasaidia masomo.

Kwa hiyo aliuokota wimbo vipande vipande. Wiki hii mwanzo unasikika, wiki ijayo kiitikio, wiki ya tatu nusu ya solo. Nilikuwa namwona anatafuta sauti moja kwenye uzi, anahama uzi, anairudia, mpaka uso wake unafunguka. Ila pale katikati ya solo, kila wiki, sijui ni angani kuna nini, redio ilikuwa ikikwaruza, khsss, halafu sauti inakuja na kuondoka, inakuja na kuondoka. Halafu kipindi kikafutwa, na wimbo hatukuusikia tena.

Mimi nilisikia mkwaruzo. Yeye alisikia gitaa. Niliposikia anapiga vile, na kidole kidogo kinazungusha kitufe, nilijiambia: kumbe masikio yake yana kitu ambacho yangu hayana, kumbe ndani ya kelele kulikuwa na muziki na mimi nimeshika waya kama mti. Siku yeye na kundi lake walipoupiga kwenye ukumbi wa wafanyakazi, watu waliacha kucheza wakasimama. Mimi pia nilisimama. Nikaamua mambo mengine hapohapo.

Gitaa likarudi ukutani. Mke Mwenza alipokuja kumbembeleza, Kinyozi akalishusha, akaupiga ule wa kwenye rekodi, wote, ulivyo. Aliusikia mara tatu stooni na ulishamwingia. Hakukosea hata kimoja.

Binti alikuwa ameishika simu analinganisha. "Babu! Umeweza! Sasa si uje uupige hivyohivyo?"

"Huo ni wa yule bwana. Anaupiga vizuri kuliko mimi. Mchukueni yeye." Akalitundika.

"Na ule wako?"

"Ule ni makosa. Mteja anangoja."

Nilimvuta Mke Mwenza nyuma ya pazia. Nikamwambia, "Mwenzangu, mimi sikuolewa na yule bwana wa kwenye rekodi. Niliolewa na makosa. Nayataka yaandikwe."

"Yaandikwe?"

"Kwa nambari zako. Hizo eksi zako zina kazi gani?"

Kwa bahati yule msichana wa dramu, kama vijana wote, alikuwa amerekodi mazoezi kwenye simu. Mke Mwenza akaichukua sauti ile, akaipunguza kasi mpaka nusu, akakaa kitandani kwangu siku nzima ya mapumziko na karatasi. Hakuna bwana wa ndevu wa kumwonyesha, hakuna nambari za kufuata. Kwanza alikasirika. Sauti moja tu inaweza kukaa mahali pengi: ukiuachia uzi mwembamba kabisa ulie wenyewe, sauti yake hiyohiyo utaipata kwenye uzi wa pili, chumba cha tano, na kwenye uzi wa tatu, chumba cha tisa. "Nitajuaje amebonyeza wapi, Bibi?" Akapiga huku, akapiga kule. Baadaye nikaona anasogeza sikio. "Wa tatu," akasema. "Ni nzito zaidi. Ni wa tatu." Alisema kama mtu aliyesikia mimba ikicheza.

Akamaliza, akaunganisha amplifaya yake ndogo, akapiga alichoandika. Eksi zote zilikuwepo. Nambari zote zilikuwepo. Kitufe cha sauti alikizungusha panapostahili, na alama yake aliichora. Lakini ilikuwa kama nguo za mtu zimetandikwa kitandani. Mikono ipo, shingo ipo, mtu hayupo.

"Imekufa," akasema.

"Haijafa. Haijui inakotoka."

Nikapanda juu ya stuli, nikaishusha ile redio ya mbao kutoka juu ya kabati. Bado inawaka ukiipiga kofi. Nikazungusha mshale mpaka mahali pasipo na stesheni, kati ya mahubiri na mpira, na chumba kikajaa: khssssss.

"Zima simu. Sikiliza hii."

"Hii ni kelele, Bibi."

"Mimi pia nilidhani hivyo. Sikiliza."

Akasikiliza. Mwanzoni kwa adabu tu, kama mtu anayesikiliza hadithi ya shangazi. Nikaushika waya nikauinua, na bega langu la sasa siyo la zamani, likalia. Kelele ikabadilika, ikawa nyembamba. Nikaushusha, ikanenepa. Ndani yake, mbali kabisa, kukawa na kitu, sijui mtu anaongea au anaimba, kikavimba, kikaja mpaka karibu tukielewe, kikaondoka. Na mimi niliyeishi na redio ile maisha yangu yote, nywele za mikono zilinisimama.

Macho ya Mke Mwenza yalikuwa yamefunguka. Akaweka mkono juu ya nyuzi. Hakutazama karatasi. Akakwaruza pamoja na redio, akakosea, akangoja, akakwaruza tena, na sasa sikuweza kujua ipi ni redio na ipi ni gitaa. Kisha sauti ikachungulia.

Kule saluni mashine ya kunyolea ikazimwa.

Kinyozi aliingia na brashi ya povu mkononi. Alisimama mlangoni. Mimi nimesimama juu ya stuli, mkono juu, nimeshika waya. Aliniangalia mimi kwanza. Sitasema aliniangaliaje, kuna watoto wanasoma.

"Kidole kidogo kisikimbie," akamwambia binti. "Usiifuate sauti. Ingoje, itakuja yenyewe. Hivyo. Ingoje."

"Babu, pale redioni uliisikia hii kweli?"

Alifikiri. "Naapa niliisikia."

"Kwenye rekodi haipo."

"Najua haipo."

Hapo nikaona inamwingia Kinyozi, taratibu, kama maji kwenye kitambaa: kama haikuwa kwenye rekodi, na redio haikuwa na muziki pale, basi ilitoka wapi? Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alivitazama vidole vyake kama vya mgeni.

Mke Mwenza akamgeukia. "Nina wazo. Lete gitaa lako. Wewe piga yako, mimi nijaribu nambari za yule bwana, polepole. Tuone."

"Zitagongana."

"Zigongane tu."

Akaleta. Binti akaweka simu mbele, kwenye zile tarakimu za mbio alizoziogopa tangu mwanzo, mguu wa babu ukahesabu mwendo sakafuni, wakaanza.

Hazikugongana. Mimi siyo mtaalamu, nawaambia nilichokiona. Mawimbi ya Kinyozi yalilala juu ya mbio za yule bwana kama mfuniko juu ya sufuria lake. Pale yule anapopanda, huyu anavimba. Pale yule anapogeuka kwenda sauti nyingine, huyu alishageuka. Wakatokea upande wa pili pamoja, kwenye pigo lilelile. Wakarudia kwa kasi zaidi, binti akakosea mbili tatu, bado zikatokea pamoja. Mtu aliukosa wimbo kwa sababu ya kelele, akalitia shimo lake kiraka kwa kubahatisha gizani, na leo kiraka na nguo vinakutana uzi kwa uzi. Alikuwa ameusikia kweli. Tarakimu hakuzisikia. Alisikia kilichokuwa chini yake, kile ambacho tarakimu zimesimama juu yake.

"Mungu wangu," akasema Mke Mwenza.

Kinyozi alikuwa analia na anacheka, na povu la brashi limemkauka kwenye suruali. Kutoka saluni sauti ikaita: "Jamani, mimi nimenyolewa upande mmoja!"

"Ngoja!" tukapiga kelele wote watatu.

Siku ya wazi chuoni ukumbi ulijaa vijana. Mke Mwenza na babu yake walisimama bega kwa bega, yeye na gitaa lake la vyumba ishirini na mbili, babu na lile jekundu, na yule msichana wa dramu nyuma yao. Nyuzi zote zilikuwa zimeshushwa nusu hatua, kwa kipimo cha simu na kwa sikio, na simu na sikio vilikubaliana. Dramu ilipolia mgongoni kwake, nilimwona Kinyozi ananyooka kama mtu aliyetolewa mzigo.

Wimbo ukaenda. Solo ikaanza, sauti ndefu, zikapanda. Nilijua tunakaribia. Mke Mwenza akaanza zile mbio, macho ameyafumba, hana karatasi wala simu. Kinyozi akalaza mkono juu ya nyuzi: khsss.

Mimi nilikuwa mstari wa tano, kati ya vijana wawili warefu. Sijui nini kilinipata. Nikanyoosha mkono wangu juu kabisa, vidole nimevifumba, nimeshika waya ambao haupo.

Aliniona. Kidole kidogo kikazungusha kifuniko cha losheni, na sauti ikaja kutoka mbali, ikavimba, ikatufikia sote.

Kijana wa kulia kwangu akanitazama bibi huyu na mkono wake juu, akadhani ndivyo inavyofanywa. Akainua na wake. Wa kushoto akainua. Kisha mstari wa mbele, kisha ukumbi mzima, mikono mamia imesimama hewani, na sauti ikawa inakwenda na kurudi juu yake, inakwenda na kurudi, na kila ilipoondoka walinyoosha zaidi, kama kwamba ni wao wanaoishikilia.